Risiti moja, albamu mbili

Tangu nianze kujenga nyumba ndogo nje ya Kisumu, kila risiti ya simiti, mabati na misumari naipiga picha, na kwa miezi kadhaa picha hizo zilikaa katika mfululizo mmoja pamoja na za harusi na za watoto. Siku fundi alipotaka kujua tulinunua mifuko mingapi ya simiti kwa ajili ya msingi, nilipekua simu karibu saa nzima.

Sasa natumia albamu za Google Photos, ambazo si folda za kawaida: picha iliyowekwa humo haihami wala hairudufiwi, hivyo risiti ileile huonekana katika «Nyumba 2025» na katika «Risiti» bila kuongeza nafasi inayotumika. Kisha naifungua picha, natelezesha kidole kuelekea juu na kuandika maelezo mafupi yanayofanya kazi ya lebo, kwa mfano «simiti msingi mifuko 20». Nikitafuta «simiti», risiti hizo hujitokeza, mradi nimeandika neno lilelile kila mara. Ukichanganya «simiti» na «saruji», nusu zitakukwepa.

Chunga jambo moja. Kuitoa picha katika albamu hakuifuti, lakini ukiifuta yenyewe hutoweka katika albamu zote mbili. Kama ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti, hubaki kwenye pipa la taka kwa siku 60, na ndani ya muda huo unaweza kuirejesha.