Kukimbia ukiwa umefunga: ratiba ya Ramadhani kwa mkimbiaji wa Moshi

Wakimbiaji wengi wa Moshi ni watu wa alfajiri. Saa 12 asubuhi utawakuta Shanty Town au wakipanda kuelekea KCMC, kabla jua halijawa kali. Ramadhani ikiingia, wengi wanaendelea na saa ileile: wanakula daku, wanaswali, wanavaa raba. Katika saa zote za siku, hiyo ndiyo ninayowakataza watu ninaowafundisha. Ukikimbia saa 12 asubuhi unatoka jasho la nusu lita au zaidi, kisha unakaa hadi Magharibi bila kulirudisha. Mbio yenyewe huwa haisumbui, kwa sababu daku bado iko tumboni. Utailipia saa 8 mchana, kichwa kikianza kugonga ukiwa kazini.

Ratiba yote ya mwezi ninaijenga juu ya swali moja: baada ya mbio, maji yako umbali gani? Yakiwa karibu, unaweza kufanya kazi. Yakiwa mbali, pumzika.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya ambaye tayari anakimbia mara tatu au nne kwa wiki. Mwenye kisukari, figo, au dawa za presha aanze kwa daktari wake, na mjamzito vilevile.

Hatua ya 1: Andika saa zako

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, Alfajiri ya Moshi huingia karibu saa 11:25 na jua huzama karibu saa 12:45 jioni. Unafunga saa 13 na kitu, na unabaki na saa kumi na nusu hivi za kula, kunywa, kuswali, kulala na kukimbia. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu huu haubadiliki sana hata Ramadhani ikisogea miezi mingine. Chukua kalenda ya msikiti wako, andika muda wa Alfajiri, Magharibi na Isha, na saa ambayo tarawehe humalizika mtaani kwako. Kwetu ni kama saa 3:15 usiku.

Hatua ya 2: Chagua dirisha

Madirisha yanayofaa ni matatu.

La kwanza ni kabla ya Magharibi. Unaanza saa 12 kasoro dakika tano jioni na kumaliza saa 12:35, ukifika nyumbani unakuta tende mezani. Hapa ni mbio nyepesi tu, dakika 35 hadi 40. Ini limeshatumia sehemu kubwa ya sukari yake ya akiba, lakini misuli bado ina yake, kwa hiyo mwendo wa taratibu unawezekana bila shida. Zunguka karibu na nyumbani, mizunguko mifupi, ili ukilegea usiwe na kilomita nne za kurudi. Februari na Machi ni miezi ya joto hapa. Kama saa 11:30 jioni lami bado inachoma, chelewa kutoka na ufupishe mbio. Kujimwagia maji kichwani hakufunguzi saumu, basi jimwagie kabla ya kutoka.

La pili ni baada ya tarawehe, saa 3:30 usiku. Umeshakunywa, umeshakula kidogo, na chakula kimeshuka ukiwa umesimama kwenye swala. Hapa ndipo mahali pa kasi. Gharama yake ni usingizi: ukimaliza saa 4:20 usiku, ukaoga na kula, utalala baada ya saa 5, na daku inakuita saa 10. Ndiyo maana dirisha hili nalitumia mara moja tu kwa wiki.

La tatu ni kabla ya daku. Unaamka saa 9 kasoro usiku, unakunywa glasi mbili za maji na tende, unakimbia, kisha unakula daku palepale. Kwa mbio ndefu ya wikiendi ndilo dirisha bora: hewa imepoa, na kila kilichopotea kinarudishwa ndani ya saa moja. Ila ni usiku wa manane. Msiende chini ya watu watatu, vaeni nguo zinazong'aa, kaeni kwenye barabara zenye taa, na mjue mbwa wa mtaa upi hawafungwi. Usipopata wenzako, usitoke. Mbio ndefu ya wiki hiyo igeuke dakika 50 za kabla ya Magharibi.

Hatua ya 3: Pima jasho lako

Hutajua unywe kiasi gani kama hujui unapoteza kiasi gani. Siku mbili za mwanzo, jipime uzito kabla ya mbio ya jioni, na ujipime tena ukirudi, kabla ya kunywa chochote, mwili umefutwa jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji.

Chukua mwalimu mmoja wa sekondari ninayemfundisha. Alianza mbio na kilo 70.4, akarudi dakika 40 baadaye na kilo 69.7. Amepoteza kama mililita 700. Sehemu ya utakachokunywa itatoka kwa mkojo, kwa hiyo unarudisha mara moja na nusu: kwake ni lita moja na kidogo kwa ajili ya mbio peke yake. Ongeza lita mbili za kawaida za mwili, jumla inakuwa kama lita 3 usiku mzima.

Uzito wa pili wa kufuatilia ni wa kuamkia. Ukiamka kwa ajili ya daku, nenda chooni, kisha panda mizani kabla ya kula. Anza kuandika wiki moja kabla ya Ramadhani ili ujue uzito wako halisi. Ukishuka kwa zaidi ya asilimia 2, yaani kama kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, basi deni la maji la jana halijalipwa. Siku hiyo hakuna kukimbia, hata kama miguu inajisikia vizuri.

Hatua ya 4: Gawa maji usiku kucha

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kusahau maji jioni nzima, halafu saa 11 kasorobo alfajiri anameza lita moja na nusu kwa mkupuo. Figo hazihifadhi mafuriko. Ifikapo saa 2 asubuhi ameshaenda chooni mara tatu na maji yote yamekwenda. Yule mwalimu tulimpangia hivi:

- Magharibi: tende tatu na glasi mbili za maji, nusu lita.
- Baada ya swala: bakuli la mtori au uji, kama mililita 400.
- Hadi kufika tarawehe: nusu lita, kidogo kidogo.
- Baada ya tarawehe: nusu lita nyingine.
- Kabla ya kulala: glasi moja.
- Daku: mililita 700 pamoja na chakula.

Chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini, na hapa mtori hauna mpinzani: ndizi, nyama, maji na chumvi katika bakuli moja. Siku ya jasho jingi tengeneza kinywaji chako: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sina ugomvi na sambusa na kaimati, ila siku ya kukimbia usiku ziache hadi urudi. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na kwenye kipande cha tatu cha kasi yatakukumbusha. Daku iwe na kitu kinachomeng'enywa taratibu: maharage, mayai, ndizi za kupika, mtindi. Chai ya rangi kikombe kimoja haina neno.

Hatua ya 5: Punguza mwendo, usipigane na saa

Mwili ukipungukiwa maji, damu inapungua ujazo na moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Kwa hiyo acha kufukuza dakika kwa kilomita. Mwalimu wetu hukimbia mbio nyepesi kwa dakika 6:30 kwa kilomita. Jioni za Ramadhani anakwenda 7:00 na wakati mwingine 7:10, na kwake hiyo ni nguvu ileile. Kipimo ni mazungumzo: kama huwezi kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukata sentensi, umezidisha.

Wiki yake ya kawaida ilikuwa kilomita 44. Wiki ya kwanza ya Ramadhani alikimbia mara tatu tu, zote nyepesi, kama kilomita 16, ili mwili uzoee kukosa chai ya asubuhi na usingizi wa mfululizo. Kuanzia wiki ya pili ikawa hivi. Jumatatu na Ijumaa, dakika 38 kabla ya Magharibi. Jumatano baada ya tarawehe, kilomita 2 za kupasha moto, vipande vitano vya dakika 3 vya kasi na dakika 2 za kujivuta kati yake, kisha kilomita moja na nusu ya kupoa. Zamani alikuwa akipiga vipande vinane. Usiku wa kuamkia Jumapili, kilomita 10 kabla ya daku, badala ya 18. Jumla ni kama kilomita 30, theluthi mbili ya kawaida yake. Jumapili baada ya Alfajiri analala tena, na hilo ni sehemu ya zoezi.

Kumi la mwisho, kama unakesha kwa ibada, ondoa ile Jumatano ya kasi. Ukilala kwa muda wa saa tatu tu kisha ukapiga vipande vya kasi, unachojenga ni jeraha. Wanawake walio kwenye hedhi wanaweza kutumia siku hizo kwa mbio ndefu, kwa kuwa wanakula na kunywa.

Wakati wa kusimama

Kiu na uzito wa miguu ni vya kawaida. Kizunguzungu, baridi ya ghafla wakati kuna joto, kuacha kutoka jasho, kuchanganyikiwa, au moyo unaodunda bila kushuka baada ya dakika tano za kutembea si vya kawaida. Kaa kivulini, fungua, kunywa. Siku hiyo utailipa baadaye. Maelezo ya hukumu muulize sheikh wako. Aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali moja kwa moja.

Kuhusu Kilimanjaro Marathoni na Idi

Mbio hizi hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na Ramadhani sasa imefika hapohapo: ya 2026 ilianza wiki ya tatu ya Februari, na ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8, kutegemea mwandamo. Msimamo wangu ni mkali: usikimbie kilomita 21 za asubuhi, zenye mlima wa kuelekea Mweka, ukiwa umefunga. Kimbia zile 5 kwa starehe, au simama barabarani uwashangilie wenzako.

Baada ya Idi, rudi alfajiri yako, lakini wiki ya kwanza ibaki kilomita 30 zilezile. Wiki ya pili panda hadi 36 na urudishe kipande cha sita cha kasi. Wiki ya tatu 40, mbio ndefu ikiwa 14. Ya nne ndiyo 44. Ukifunga zile sita za Shawwal, siku hizo tumia ratiba ya jioni.