Kabla hujauachia mfumo usuluhishe benki wenyewe

Mfumo unaolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hufuata kanuni, na kanuni inayodai tarehe ileile, kiasi kilekile na namba ileile ya kumbukumbu huacha mistari mingi ya taarifa ya benki bila mwenza. Ndipo mhasibu anapoilegeza: siku chache mbele au nyuma ziruhusiwe, stakabadhi kadhaa zijumlishwe kupata amana moja, na tofauti ndogo ya kiasi isamehewe. Kila ulegezaji kati ya hiyo mitatu unatetewa kwa urahisi ukisimama peke yake. Ikiunganishwa ndani ya kanuni moja, mfumo huanza kuoanisha vitu visivyohusiana, tena kwa uhakika unaotisha. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha, anza kukagua sehemu yenye hatari kubwa zaidi, yaani amana za mkupuo, ambapo stakabadhi kadhaa huingia benki kama kiasi kimoja.

Chukua mfano huu. Jumatano benki inaonyesha amana ya 481,100. Kanuni inaruhusu siku tatu za kazi nyuma na tofauti ya hadi 1,000. Kwenye daftari la fedha kuna stakabadhi 8 zilizo wazi tangu Ijumaa. Nne ni za fedha taslimu za Jumatatu: 120,000, 210,000, 64,800 na 86,800. Jumla yake ni 481,600, zilipelekwa kwa slipu moja, na benki ikakata 500 kama ada ya kuweka fedha. Hili ndilo kundi la kweli. Lakini zilizobaki ni 75,500 na 97,000 za kadi, zote za Ijumaa, hundi ya 150,000 ya Jumanne, na 158,600 taslimu ya Jumanne hiyohiyo. Zijumlishe: 481,100 kamili, bila hata senti ya tofauti.

Mfumo uliofundishwa kuchagua kundi lenye tofauti ndogo zaidi utachagua kundi la uongo, na utalipatia alama za juu kuliko lile la kweli. Ubaya hauishii hapo. Stakabadhi nne zimefungwa kimakosa, kwa hiyo malipo ya kadi na hundi yakiingia benki kesho yake hayatakuta wenza wake, na yataokotewa makundi mengine ya kubahatisha. Dalili yake ni mistari ya siku za mbele kukosa wenza huku ya nyuma ikionekana imekaa sawa kabisa.

Hii si bahati mbaya ya mfano mmoja. Stakabadhi 8 zinaweza kupangwa katika makundi 255 tofauti. Zikiwa 20, makundi yanapita milioni moja. Katika wingi huo, jumla inayokaribia kiasi unachokitafuta hupatikana mara nyingi, na kila ukipanua tofauti inayoruhusiwa unaongeza makundi yanayopita. Kwa hiyo usiuruhusu mfumo ujumlishe kwanza kisha uulize maswali. Kundi lijulikane kabla ya kujumlishwa: slipu ileile, au mkupuo uleule wa mashine ya kadi, au angalau siku ileile na njia ileile ya malipo. Kundi la uongo la hapo juu lina siku mbili na njia tatu, hivyo lisingefika hata kwenye hesabu. Baada ya hapo weka sharti la pili: makundi mawili yakifaa, mfumo usichague. Upeleke mstari huo kwa mtu, ukiyaonyesha yote mawili.

Ikiwa daftari lako halirekodi namba ya slipu, basi rekebisha hilo kwanza. Naliona ndilo jambo moja lenye faida kuliko kanuni yoyote utakayoandika baadaye, kwa sababu linageuza kubahatisha kuwa kusoma.

Kwenye tarehe, kosa la kawaida ni dirisha lenye upana sawa pande zote mbili. Fedha uliyopokea na kuipeleka benki huonekana kwenye taarifa siku ileile au baadaye, haiwezi kutangulia stakabadhi yake. Malipo ambayo mteja ameweka moja kwa moja kwenye akaunti huenda kinyume: benki inaona kwanza, daftari linafuata. Hundi ulizotoa wewe zinaweza kukaa wiki nyingi kabla ya mpokeaji kuzipeleka. Kila njia iwe na dirisha lake na mwelekeo wake, na upana wake utoke kwenye miezi michache ambayo tayari imesuluhishwa kwa mkono: hesabu siku za kazi kati ya daftari na benki, uone miamala mingi inaishia siku ya ngapi. Ukihesabu kwa kalenda ya kawaida, utajikuta ukipanua dirisha kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili tu. Angalia pia faili la benki linaleta tarehe ipi, ya kuandikwa kwa muamala au ya thamani, yaani siku fedha inapoanza kuhesabiwa kwenye salio, kwani benki nyingi hutoa zote mbili na hazilingani kila mara.

Mwisho wa mwezi, kuoanisha stakabadhi ya tarehe 31 na amana ya tarehe 2 ni sahihi, ila mfumo uhifadhi tarehe zote mbili kama zilivyo. Ripoti ya tarehe 31 lazima iendelee kuonyesha fedha hiyo kama amana iliyo njiani.

Tofauti ya kiasi nayo haistahili kusamehewa kwa sababu tu ni ndogo. Iulize imetoka wapi. Ada ya 500 ina jina, mwelekeo na akaunti: kiasi cha benki ndicho kinachopungua, na mfumo uandike makato hayo kama ingizo lake. Asilimia ya makato ya mashine ya kadi ipigwe hesabu kutoka kwenye mkataba, tofauti ibaki ile ya kukadiria senti. Tazama kinachotokea ukiweka kikomo kipana cha 1,000 badala yake: mteja amelipa 53,400, karani akaandika 54,300, na tofauti ya 900 ikaingizwa kwenye makato ya benki kimyakimya. Tofauti inayogawanyika kwa 9 ni ishara ya zamani ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Mfumo uisimamishe, isipokuwa inalingana sawasawa na ada inayojulikana. Na anayepokea fedha asiwe ndiye anayepanga kikomo, kwa sababu akikijua na kukimiliki anaweza kuchukua kidogo chini yake kila siku. Weka pia ukomo wa jumla ya tofauti zote kwa mwezi. Ukifikiwa, kanuni hiyo ijizime.

Mpangilio wa hatua una uzito wake: namba ya kumbukumbu na kiasi kamili vitangulie, kisha kiasi kamili ndani ya dirisha la siku, kisha mikupuo, na makato mwishoni. Kila kilichooanishwa kiondoke kwenye orodha kikiwa na alama ya kanuni iliyokifunga, ili kanuni moja ikionekana mbovu uweze kufungua kazi zake zote bila kugusa za kanuni nyingine.

Kisha chukua mwezi uliofungwa kwa mkono na uupitishe humo katika hali ya majaribio, bila kuandika chochote kwenye leja. Usitazame kwanza asilimia iliyooanishwa. Tafuta mistari ambayo mfumo umeipa mwenza tofauti na aliyechaguliwa na mtu, uifungue mmoja mmoja, na usiwashe kanuni husika hadi ujue kwa kila mmoja nani alikosea, mfumo au mtu, na kwa sababu gani.