Anza na kisanduku cha fyuzi, mitungi ifuate

Msimamizi wa jengo la zamani la kupangisha akiambiwa ajiandae na moto, hukimbilia kununua mitungi ya kuzimia. Mimi ningemwomba aanzie kwenye kisanduku cha fyuzi, akiwa na fundi umeme.

Chukua nyumba ambayo soketi zake zote ziko kwenye waya mmoja wa zamani unaohimili ampea 15, na fyuzi yake ni ya ampea 15. Mpangaji anawasha kwa pamoja birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na jiko la wati 1,500. Jumla ni wati 4,700. Gawanya kwa volti 230, unapata zaidi ya ampea 20. Mzigo huo ukiendelea, fyuzi inaweza kuungua, na hiyo ndiyo kazi yake. Hatari inaingia pale mtu anapochoka kuibadilisha, akaweka ya ampea 30 au akafunga kipande cha waya. Kuanzia hapo umeme haukatiki tena, na waya unachemka ndani ya ukuta. Ganda lake linakauka, linapasuka, na siku moja linashika moto.

Kwa hiyo fyuzi isizidi uwezo wa waya, hata mpangaji alalamike vipi. Ukiona soketi ina doa la kahawia, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au taa zinafifia kila pasi inapowashwa, zima umeme wa upande huo hadi fundi aukague. Naye asiishie kubadilisha soketi. Akaze na viungio vya nyuma, maana kiungio kilicholegea huchemka hata kwa mzigo mdogo.

Karibu na kisanduku cha umeme weka mtungi wa kaboni dayoksaidi, na kwenye korido wa unga. Wa unga una geji, mshale wake uwe kwenye kijani. Ule mwingine hauna geji, hupimwa kwa mizani, ndiyo maana husahaulika ukaning'inia mtupu. Mtungi wa kilo 6 huisha ndani ya nusu dakika tu. Unatosha kwa moto wa ndoo ya taka. Ukizidi hapo, watu watoke.

Watokee wapi? Shuka ngazi zote usiku, baada ya milango kufungwa. Ukikuta kufuli ambalo ufunguo wake anao mlinzi, ling'oe, weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Magodoro na baiskeli chini ya ngazi ziondoke siku hiyohiyo.

Tangazo liwe fupi, kila ghorofa, usawa wa macho, kwa herufi zinazosomeka ukiwa hatua tatu mbali:

«Usibadilishe fyuzi mwenyewe. Soketi ikipata joto, izime, mwite msimamizi. Moto ukitokea, piga kelele, funga mlango nyuma yako, shuka kwa ngazi. Usitumie lifti.»

Chini yake andika namba ya simu ya msimamizi, ile anayoipokea hata usiku wa manane.