Kushuka Mbezi usiku: namna ya kupanga na dereva wa kukupokea

Naendesha teksi Dar es Salaam, na abiria wangu wengi wa usiku nawapokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kosa ninalokutana nalo sana ni abiria kunipa saa tu: "Nafika saa tatu." Basi linalotoka mbali halina saa ya uhakika, kwa hiyo tupange kwa vituo vya njiani.

1. Unapokata tiketi

Uliza basi linaishia wapi. Mengine huendelea hadi Shekilango, nawe dereva wako yuko Mbezi. Mtumie jina la basi na namba zake, kisha mkubaliane nauli kwa ujumbe, pamoja na pesa ya kusubiri basi likichelewa.

2. Kabla ya kupanda

Andika kwenye karatasi namba ya dereva na ya mwenyeji wako. Usitegemee bando peke yake. Weka na salio la kupiga, kwani intaneti hukatika njiani.

3. Njiani

Ukifika Chalinze, piga. Hapo zimebaki chini ya kilomita 100, na dereva anajua usiku wake utakuwaje. Mlandizi piga tena, ajiandae kutoka. Ukiingia Kibaha, mwambie awe stendi. Kama unaogopa kusinzia, mwombe jirani yako wa kiti akuamshe Chalinze.

Kuna dada alikuja kutoka Singida kumuuguza mama yake Muhimbili. Tulitarajia saa tatu usiku, basi likakwama nyuma ya lori lililoharibika, na simu yake ikazima. Alitoa karatasi yake, akaazima simu ya konda, akanipigia akiwa Chalinze. Nilikuwa nimeshaanza kuwasha gari nirudi nyumbani. Alishuka saa saba kasoro, nikiwa nimesimama pale pale tulipoelewana.

4. Mlango wa basi ukifunguliwa

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Vijana watagombea begi lako, na mmoja anaweza kusema, "Dereva wako kanituma." Usimjibu kwa kumtajia jina la dereva, maana atalitumia hilo hilo. Muulize: "Nakwenda kwa nani?" Mimi na abiria wangu hukubaliana mapema kwamba nitataja jina la mwenyeji wake. Asiyelijua, shika begi lako na uendelee kutembea.

Ukilifikia gari, linganisha namba na ile uliyotumiwa, mtumie mwenyeji wako namba hiyo, ndipo mizigo iingie.

5. Dereva asipotokea

Baki ndani ya stendi, penye taa na abiria wengine. Usitoke kwenda barabarani kutafuta bodaboda. Mpigie mwenyeji, kisha agiza gari kwa programu ya Bolt ukiwa umekaa humo humo. Dereva wa programu akikuomba ufute safari mlipane mkononi, kataa na uagize mwingine: ukifuta, mwenyeji wako hataweza kukufuatilia kwenye ramani.