Kutoka maandishi ya sauti hadi muhtasari wa kikao: kubakiza maazimio na kazi pekee

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makatibu wa vyama vya ushirika, vikundi na kamati ambao hurekodi kikao kwa simu, humpa mtu kazi ya kuchapa kila kilichosemwa, kisha hubaki na kurasa nyingi ambazo hakuna mjumbe atakayezisoma. Muhtasari unaozungumziwa hapa ni ule unaobeba mambo mawili tu, yaani kilichoamuliwa na kazi iliyogawiwa. Mfano nitakaoutumia ni wa kikao cha bodi ya chama cha wakulima wa parachichi huko Rungwe, kilichofanyika Jumamosi tarehe 7 Juni 2025. Mazungumzo na tarakimu zake nimezitunga ili zifanane na vikao vya aina hiyo.

Hatua ya kwanza: soma yote bila kuandika muhtasari

Katibu mgeni huanza kuandika tangu ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu wajumbe wana desturi ya kulirudia jambo lililokwisha kupitishwa, hasa wakifika kwenye mengineyo. Soma hadi mwisho ukiwa na kalamu, na pembeni mwa mstari weka herufi A palipo na azimio, K palipo na kazi, na alama ya kuuliza palipo na utata. Hadithi, lawama, utani na maelezo ya namna mvua ilivyoharibu barabara ya kituo viache bila alama yoyote. Andika pia dakika ya rekodi mbele ya kila alama, kwa kuwa utalazimika kurudi kusikiliza.

Sehemu ambazo wajumbe walihamia Kinyakyusa zisikilize mwenyewe au pamoja na mjumbe anayeijua lugha hiyo vizuri. Mchapaji huziruka au huzikisia, ilhali mara nyingi mabishano yakikolea ndipo watu huhamia lugha ya nyumbani, na makubaliano hufikiwa humo humo.

Hatua ya pili: fuata kila jambo hadi kauli yake ya mwisho

Tazama vipande hivi viwili vya kikao kimoja.

Dakika ya 41
Mwenyekiti: Matunda yanabebwa kwenye viroba, yakifika kituoni yamechubuka. Basi tununue kreti 200. Kuna mwenye pingamizi? Haya, tuendelee.

Dakika ya 93
Mhasibu: Mwenyekiti, naomba nirudi kidogo kwenye kreti. Moja ni elfu kumi na tano, kwa hiyo 200 ni milioni tatu. Akaunti ina milioni moja na laki nane baada ya kulipa mbolea.
Mwenyekiti: Basi tuanze na zile zinazotosha hiyo hela, nyingine tutaona malipo ya mnunuzi yakiingia.
Wajumbe: Sawa.
Mwenyekiti: Meneja, si unaenda Mbeya Ijumaa? Uzipitie.
Meneja: Nitapita.
Mjumbe: Na bati la kituo linavuja.
Mwenyekiti: Hilo nalo ni la kuangalia.

Dakika ya 41 lilikuwapo azimio kamili, maana pendekezo lilitolewa, pingamizi likaulizwa na mwenyekiti akafunga mjadala. Hata hivyo, dakika ya 93 bodi ile ile ikiwa na akidi ile ile ililibadilisha, kwa hiyo kinachoandikwa ni kauli ya pili peke yake. Ukiandika zote mbili, msimamizi wa malipo atakuwa na namba mbili mkononi, naye atachagua ile inayompendeza.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa haraka halioni: hakuna mtu aliyetamka kreti 120. Namba hiyo inapatikana kwa kugawanya shilingi 1,800,000 kwa 15,000, na hesabu ya katibu, hata ikiwa sahihi, haijawa uamuzi wa bodi. Mpigie mwenyekiti na mhasibu, wasomee sentensi unayokusudia kuiandika, na uiingize baada ya wao kuikubali. Maneno kama "tutaona", "ni la kuangalia" na "ingekuwa vizuri" hayapitishi kitu, kwa hiyo kreti 80 zilizobaki hazina azimio. Bati nalo halina azimio wala mtu, na haliingii kwenye muhtasari. Liweke kwenye orodha yako ya maswali kwa mwenyekiti, ambaye anaweza kulifanya ajenda ya kikao kijacho. Baadhi ya makatibu huona huruma wakaandika "bati lishughulikiwe", na kikao kinachofuata huishia kutafuta aliyepaswa kulishughulikia.

Hatua ya tatu: ipe kila kazi mtu mmoja, kitendo na tarehe

"Uzipitie" na "nitapita" zinaeleweka kwa waliokuwapo, lakini kwenye karatasi hazionyeshi kama meneja anakwenda kuulizia, kununua au kuchukua kreti zilizokwisha lipiwa. Muulize meneja mwenyewe. Tuseme amejibu kwamba atazinunua na kuzileta. "Ijumaa" iliyotamkwa Jumamosi ya tarehe 7 ni tarehe 13 Juni 2025, na ndivyo iandikwe, kwa sababu muhtasari husomwa hata baada ya miezi mitatu. Saa nazo ziandikwe pamoja na asubuhi, mchana au jioni.

Andika cheo badala ya "wajumbe" au "uongozi". Kazi ikigawiwa watu wawili, taja mmoja atakayeijibia.

Hatua ya nne: andika

Ajenda Na. 4: Kreti za kubebea parachichi
Azimio 4.1: Bodi imeazimia kununua kreti 120 kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla shilingi 1,800,000, kutoka kwenye akaunti ya chama.
Utekelezaji: Meneja azinunue na kuzifikisha kituoni ifikapo tarehe 13 Juni 2025.

Ni hayo tu. Viroba, michubuko na safari ya Mbeya vimeondoka bila hasara. Juu ya maazimio weka tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru na uthibitisho wa akidi.

Ziko hali chache ambazo ninaongeza sentensi moja zaidi. Mjumbe akiomba pingamizi lake liandikwe, liandikwe. Mjumbe akitangaza kwamba ana maslahi katika biashara inayojadiliwa, labda muuzaji wa kreti ni shemeji yake, liandikwe pia, pamoja na kama alibaki ndani au alitoka. Azimio litakalopelekwa benki, kwa mfano la kubadilisha watia saini wa akaunti, litaje majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, anayeondoka na anayeingia, kwani maneno "watia saini wapya wamechaguliwa" hayatamsaidia mhudumu wa benki.

Hatua ya tano: hakiki kwa sikio

Rudi kwenye rekodi kwa zile dakika ulizoziandika, na usikilize tarakimu zote upya. Mchapaji anayesikia "laki moja na nusu" anaweza kuandika 100,000 akaisahau nusu, au "sitini" ikageuka "sita" kwa sababu mtu alikohoa. Kisha fanya jaribio hili: mpe rasimu mjumbe ambaye hakuhudhuria, umwombe akueleze nani anafanya nini na lini. Pale atakapokuuliza swali, sentensi hiyo haijakamilika.

Rasimu imfikie mwenyekiti kabla ya siku mbili kupita, wajumbe wakiwa bado wanakumbuka. Rekodi usiifute hadi kikao kijacho kitakapothibitisha muhtasari. Nakili mistari yote ya utekelezaji kwenye ajenda ya yatokanayo ya kikao hicho, ukiacha nafasi mbele ya kila mstari ili mhusika aeleze kama kazi imekamilika, inaendelea au imekwama.