Postikodi ya Ngamiani: anza na kata

Ukijaza fomu mtandaoni ukaulizwa postikodi, usiweke namba ya sanduku la posta wala 255. Postikodi yetu ina tarakimu tano, na ukijua zinavyopangwa utagundua kosa mapema. Tarakimu ya kwanza ni kanda, na mbili za mwanzo kwa pamoja ni mkoa: Tanga ni 21. Ya tatu ni wilaya, kwa hiyo kata za Tanga mjini zinaanza na 211. Mbili za mwisho ni kata yenyewe, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Mtu wa Ngamiani akitafuta "Ngamiani" tu atakutana na kata tatu: Ngamiani Kaskazini, Kati na Kusini, kila moja na namba yake. Kutaja barabara ya ngapi unakaa hakutoshi, maana postikodi haifuati jina la eneo tulilozoea, inafuata mpaka wa kata. Kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa wenu mko kata gani. Mwenyekiti au mtendaji atakwambia papo hapo. Kisha tafuta kata hiyo kwenye orodha ya postikodi ya TCRA, au fungua NaPA, programu ya simu ya anwani za makazi, ukiwa nyumbani.

Ukipewa namba inayoanzia 61, hiyo ni ya Mkoa wa Pwani, tuseme Bagamoyo. Ikianza na 21 lakini ya tatu si 1, umeangukia wilaya nyingine ya Tanga, kwa hiyo rudi kwenye orodha.