Barua ya Familienkasse: ufiche nini kabla ya kuomba utafsiriwe

Barua ya Kijerumani ikifika, wengi wetu tunaoishi Ujerumani huipiga picha na kuirusha kwenye kundi: "Jamani, nisaidieni kusoma hii." Si vibaya kuomba msaada. Ila kundi kubwa lina watu usiowajua, na picha ikishatoka hujui itaishia kwa nani.

Tuchukue mfano wa Familienkasse, ofisi inayolipa posho ya watoto, yaani Kindergeld. Inakuandikia kwamba mwanao mkubwa ametimiza miaka 18, kwa hiyo inataka uthibitisho kuwa bado anasoma. Juu kuna jina na anwani yako, halafu namba yako ya Kindergeld. Ndani yametajwa majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, na pengine namba ya kodi, yaani Steuer-ID, na IBAN ya akaunti inayopokea posho.

Wengi huziba namba tu. Steuer-ID ni ya kuzibwa kweli, kwa sababu mtu hupewa tarakimu hizo 11 mara moja na hubaki nazo maisha yake yote. Lakini hapa Ujerumani hatari kubwa mara nyingi iko kwenye mambo ambayo watu huyaacha wazi: jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Maduka mengi ya mtandaoni hukuruhusu kuchukua bidhaa kwanza na kulipa ankara baadaye, na taarifa hizo tatu mara nyingi zinatosha. Tapeli anaagiza simu kwa jina lako, wewe unaletewa barua ya kudaiwa. Kwa hiyo anzia hapo, ndipo uende kwenye namba. IBAN nayo izibe, maana mtu anaweza kuitumia kukata fedha kwenye akaunti yako. Makato ambayo hukuyaidhinisha unaweza kuyadai benki hadi miezi 13, lakini lazima kwanza uyaone. Namba ya Kindergeld humpa tapeli maneno ya kukupigia simu akijifanya mtumishi wa ofisi, na ni rahisi kumwamini anayekutajia namba yako.

Usizibe kupita kiasi, hata hivyo. Anayekusaidia anahitaji kuona kichwa cha barua, nyaraka zinazotakiwa, kiasi cha fedha, vifungu vya sheria na tarehe ya mwisho ya kujibu. Tarehe ya barua iache pia. Barua ikiwa ni uamuzi rasmi, kwa kawaida una mwezi mmoja wa kuupinga. Tangu Januari 1, 2025, barua iliyotumwa kwa posta ndani ya Ujerumani huhesabiwa kuwa imekufikia siku ya nne baada ya kupostiwa, na mwezi wako unaanzia hapo. Ukiificha tarehe hiyo, hakuna atakayeweza kukuambia umebakiwa na muda gani.

Majina ya watoto yanahitaji uangalifu zaidi. Ukiyaziba yote kwa rangi nyeusi, msomaji hatajua cheti kinachotakiwa ni cha nani. Kata vipande vidogo vya karatasi, andika "Mtoto A" na "Mtoto B", uviweke juu ya majina kila yanapojitokeza. Pitia barua hadi mwisho, pamoja na ukurasa wa nyuma na fomu ya kujibu, kwa sababu namba zilezile hurudiwa huko.

Mimi napendelea karatasi kuliko kuchora kwenye simu. Kilichofunikwa kabla ya picha kupigwa hakimo kabisa ndani ya picha. Kalamu ya simu ya kupigia mstari wa rangi hupitisha mwanga: mtu akiongeza mng'ao, tarakimu zinaonekana. Maandishi yaliyotiwa ukungu nayo yanaweza kukisiwa. Kama huna budi kutumia simu, chora kisanduku cheusi kizito, kisha upige picha ya skrini na utume hiyo. PDF ni mtego wa aina yake, maana mara nyingi maandishi hubaki chini ya kisanduku na mtu huweza kuyanakili. Kabla ya kutuma, ikuze picha uitazame kila pembe, na uangalie kama karatasi si nyembamba kiasi cha kuonyesha maandishi ya upande wa pili.

Barua zenye PIN au msimbo wa kufungulia akaunti, kama ule wa ELSTER, tovuti ya kodi ya serikali, usizipige picha kwa ajili ya kundi lolote. Mwombe mtu unayemwamini azisome ana kwa ana.

Mtafsiri aliyeapishwa ni jambo jingine. Ukimpelekea cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya ofisi ya serikali, usifiche kitu. Yeye huthibitisha kwa muhuri kwamba tafsiri ni kamili, na akikuta sehemu imezibwa itabidi aandike kuwa haisomeki, nayo ofisi inaweza kuikataa. Huyo mpelekee nakala yote, kwake peke yake.